Wiki 120 za bei ya unga Lubumbashi zina uzito wa wiki ngapi?

Tuseme mtu amepita sokoni Lubumbashi kila Jumamosi kwa wiki 120, akiandika bei ya mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25. Anapitisha mstari wa regresheni: bei inapanda franka 40 kwa wiki, na kosa sanifu, yaani kadirio la shaka iliyomo kwenye hiyo 40, ni 10. Arobaini gawanya kwa kumi ni nne, na mwenye nne halali na wasiwasi.

Ila akichora mabaki, yaani tofauti kati ya bei aliyoiandika na mstari, anaona ya Januari yote yamekaa juu, ya Mei yote chini. Kipimo cha Durbin na Watson, kinachoangalia kama mabaki ya wiki zinazofuatana yameshikana, kinampa 0.8. Mabaki yasiyoshikana yangetoa karibu 2, na kwa kuwa kipimo hicho ni takriban 2(1 − r), ambapo r ni uwiano wa baki la wiki moja na la wiki iliyotangulia, r hapa ni 0.6. Ikiwa kila baki hurithi sehemu ya lile la wiki iliyotangulia, mraba wa kosa sanifu la mstari wa muda huzidishwa kwa takriban (1 + r)/(1 − r). Ni 1.6 kwa 0.4, yaani mara nne. Kosa sanifu linakuwa 20, na ile nne imebaki mbili. Wiki 120 zina habari ya wiki 30 hivi. Franka 40 zenyewe hazijapotoka. Kilichopungua ni haki ya kuziamini.

Wapo wanaosema: acha mstari ulivyo, sahihisha kosa sanifu kwa njia ya Newey na West ya 1987. Wana hoja, maana njia hiyo haikulazimishi kujua mabaki yanarithiana vipi. Lakini inategemea data nyingi. Mabaki yakishikana kiasi hiki kwenye wiki 120, mara nyingi kosa linalotoka bado ni dogo mno. Tena haiulizi Januari kuna nini.

Wengine husema modeli imesahau kitu, na mimi nawaegemea hao. Januari mavuno bado, ghala zimepungua. Na unga unaovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia hufuata bei ya dola. Tia mwezi na dola kwenye modeli. Tuseme r inashuka hadi 0.2: kwa hesabu ileile, kosa sanifu linahitaji kuongezwa kama asilimia 22 tu, si kuzidishwa mara mbili.

Mtego uko kwa anayetia pia bei ya wiki iliyopita. Hapo Durbin na Watson husogea kuelekea 2 hata mabaki yakiwa yameshikana, naye anashangilia bure. Atumie kipimo cha Breusch na Godfrey: mabaki yafanyiwe regresheni juu ya vigezo vyote vya modeli pamoja na mabaki ya wiki za nyuma. Yakionekana bado yameshikana, safari hii hata mteremko umepotoka, na Newey na West hawana dawa yake.