Chumvi yetu ya Gongoni inaweza kuokoa meno, lakini si kila gunia

Jumanne nilimng'oa mtoto wa miaka saba gego lililoota mwaka jana tu. Hilo halikuwa jino la utoto ambalo lingeng'oka lenyewe. Lilikuwa gego lake la kwanza la utu uzima, ambalo angelitafunia mpaka uzeeni, na lilikuwa limetoboka hadi kwenye kiini. Mama yake alimshika mkono nikimdunga ganzi. Wanatoka upande wa Ngomeni na walikuwa wamepanda boda tangu alfajiri.

Siku mbili baadaye nikakaa kwenye mkutano wa afya hapa Malindi. Mzungumzaji mmoja akasema kwa uhakika kabisa kwamba dawa ya tatizo hili ni kutia floridi, madini yanayokinga meno yasioze, kwenye maji ya mfereji. Nilimfikiria yule mama, ambaye maji yake huja kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20, kutoka kisima cha jirani. Nikanyoosha mkono, nikauliza floridi hiyo itamfikiaje. Sikupata jibu, na ndiyo maana ninaandika.

Nakubali kwamba penye mabomba, njia ya maji haina mpinzani. Grand Rapids, Marekani, walianza mwaka 1945, na tangu hapo miji mingi imefuata. Fundi mmoja anapima dozi mahali pamoja na mji mzima unakunywa. Hata sisi tuna Baricho, kwenye mto Sabaki, na mtu anaweza kusema tutie pale pale. Lakini Malindi kwenyewe maji hutoka leo na kesho yakakatika, watu wanajaza mapipa, wakiishiwa wanachanganya na ya kisima. Lamu ndiyo zaidi: kuna visima vya Shela, kuna majabia ya mvua, kuna punda anayepanda kichochoroni na madumu. Dozi ya maji inategemea kila mtu anywe maji yale yale kila siku. Kwetu hali si hiyo.

Chumvi, kwa upande mwingine, inaingia kila jiko. Mimi nimekulia Gongoni, nimeona mashamba ya chumvi yakimeremeta mpaka Marereni, na najua kwamba chumvi nyingi inayoliwa Kenya inatoka kwenye ukanda huu. Kiwandani tayari inanyunyiziwa madini ya joto, yaani iodini, ikiwa kwenye ukanda wa mashine. Floridi inaweza kupita njia hiyo hiyo bila kuiharibu iodini. Uswisi walianza hivi mwaka 1955. Jamaika walianza mwaka 1987, na kwa kuwa chumvi yao ilitoka kiwanda kimoja, nchi nzima ilifikiwa. Mwaka 1984 mtoto wa miaka 12 kule alikuwa, kwa wastani, na meno karibu 7 yaliyooza, kuzibwa au kung'olewa. Mwaka 1995 alikuwa na jino moja tu na kidogo. Dawa ya meno yenye floridi nayo ilisaidia, sikatai, lakini anguko kama hilo si jambo dogo.

Tuchukue nyumba moja. Watu sita wanamaliza pakiti ya nusu kilo kwa wiki mbili. Hapo kila mmoja anapata kama gramu 6 kwa siku, na mtoto tuseme nusu yake, gramu 3. Dozi ya kawaida ya chumvi ni miligramu 250 za floridi kwa kilo, yaani robo miligramu kwa kila gramu. Mtoto huyo atapata karibu miligramu 0.75 kwa siku, sawa na anayekunywa lita moja ya maji yaliyotiwa miligramu 0.7. Kupika hakuipunguzi, haiondoki na mvuke. Inafika kinywani, inaingia kwenye mate, na ndani ya mate ndimo inapofanya kazi, ikisaidia ukuta wa jino kurudisha madini yaliyoliwa na asidi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Karibu na zahanati yetu kuna mahali malori ya chumvi husimama madereva wakanywe chai. Wiki iliyopita nilimuuliza mmoja, "Kaka, mzigo huu unashukia wapi?" Akanijibu, "Nakuru, daktari. Mwingine unaendelea Baringo."

Huko visima vingi vina floridi kupita kiasi, ya asili, kutoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa lita moja ya maji yenye miligramu 3 ameshapata mara nne ya kile ninachomtakia mtoto wa Ngomeni, hata kabla hajaonja ugali. Ukimwongezea chumvi yetu unamharibia meno yanayojengeka ndani ya ufizi. Yataota na mistari myeupe kama chaki, upande wa kulia sawa na wa kushoto, na yakizidiwa yatakuwa ya kahawia na kumeguka. Nimewaona vijana waliokulia kule wanaofunika mdomo kwa kiganja wakicheka. Siwezi kumwokoa mtoto wangu kwa meno ya mtoto wa mwenzangu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni chumvi mbili. Pakiti yenye floridi iwe na rangi yake na maandishi makubwa, iuzwe Pwani tu, na hata Pwani visima vya kila eneo vipimwe kwanza. Isiyo na floridi ibaki dukani, ili asiyetaka asilazimishwe. Jambo hili maji ya bomba hayawezi. Wenye viwanda watasema kutenganisha mizigo ni gharama. Ni kweli, na bila kutenganisha mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuupinga mpango huu.

Watu wa shinikizo la damu nao watalalamika, na wana haki. Hakuna anayeambiwa ale chumvi zaidi. Watu wakipunguza chumvi, kiwanda ndicho kitakachopandisha dozi.

Wasiwasi wangu mwingine ni uchanganyaji. Tani moja ya chumvi inahitaji kama gramu 550 tu za sodiamu floridi. Ni kiasi cha kujaza mabakuli machache, na kinatakiwa kienee sawasawa kwenye magunia 20 ya kilo 50. Chumvi yetu ya mawe ikiwa bado na unyevu, myeyusho huteremka chini, na gunia moja likapata maradufu huku jingine likikosa. Kwa hiyo inafaa chumvi laini iliyokauka, si ile inayochotwa bwawani na kuuzwa kando ya barabara. Sampuli zichukuliwe mwanzo, katikati na mwisho wa kila zamu, na zipimwe siku hiyo hiyo.

Na watoto wapimwe mkojo, kabla ya kuanza na kila baada ya muda. Meno yanakueleza mtoto alikula nini miaka mitano iliyopita, wakati kosa limeshapita na halirudi. Mkojo unakueleza wiki hii. Yule mama wa Ngomeni anarudi Jumanne ijayo kuonyesha kidonda. Nitamwomba ruhusa nipime mkojo wa mwanawe, na chupa moja ya maji kutoka kile kisima cha jirani.