Nyuzi 0.9 kwenye sensa ya joto la maziwa: nini kiondolewe sokoni, nini kibaki

"Kama sensa ya joto ilikutwa inasoma vibaya, kwa nini hawakuondoa maziwa yote ya mwaka mzima?" Ndivyo alivyoniuliza dada mmoja mwenye duka la vyakula, na kwa sauti yake nilijua kwamba ameshahukumu.

Jibu langu linaanzia kwenye sensa yenyewe. Tuchukue kiwanda cha maziwa freshi cha ukubwa wa kati, chenye mtambo wa kupasha maziwa unaopitisha lita 5,000 kwa saa. Masharti ya chini ya kuua vijidudu ni yale yaliyomo kwenye mwongozo wa 2004 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula: maziwa yafike nyuzi joto 72 na yakae hapo sekunde 15. Kiwanda kimeweka mtambo ufanye kazi kwenye 75, na vali ya kurudisha maziwa nyuma ifunguke sensa ikisoma chini ya 72.5. Sensa inaruhusiwa kukosea nusu nyuzi, juu au chini. Cheti cha ugezi, yaani cha kulinganisha sensa na kipimo sahihi, cha Juni mwaka uliopita kinaonyesha kosa la 0.1 tu. Tarehe 12 Juni mwaka huu fundi wa ugezi (wengi kiwandani husema kalibresheni) anakuta kwamba joto halisi likiwa 72.0, sensa inasoma 72.9.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni upande ambao kosa limeegemea. Sensa ingekuwa inasoma chini, maziwa yangekuwa yamepashwa zaidi ya ilivyoandikwa, na hasara ingekuwa ladha na gharama ya mvuke. Hii ilikuwa inasoma juu. Kila 75 iliyoandikwa kwenye chati inayorekodi joto muda wote kwa kweli ilikuwa 74.1, na vali iliyodhaniwa inalinda 72.5 ilikuwa inalinda 71.6.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, tena kwa nia njema. Fundi akiona kosa, mkono unamwasha kulirekebisha. Anafungua kichwa cha sensa, anakuta skrubu ya waya imelegea, anaikaza, anapima tena, anapata 72.1, anaandika cheti: iko sawa. Cheti hicho hakina uongo wowote kuhusu leo, ila kimefuta mwaka mzima uliopita. Mtu akiuliza kesho sensa ilikuwa inakosea kiasi gani kabla ya kuguswa, hakuna wa kumjibu. Kwa hiyo usomaji wa kabla ya kugusa chochote unapaswa kuandikwa kwanza, kwenye joto zaidi ya moja, na skrubu ikazwe baadaye. Nimeona watu wazima wakibishana siku mbili juu ya kuondoa bidhaa sokoni, na kilichokosekana mezani ni namba moja ambayo mtu angeiandika kwa sekunde kumi. Asiyeiandika hawezi tena kutetea uamuzi wa kutoondoa bidhaa, hata kama uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Fundi wetu aliandika. Kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu iliyopondwa na maji, ambako inapaswa kuwa sifuri, sensa ilisoma 0.8. Kwenye 72 ilizidisha 0.9. Kosa lililo karibu sawa baridi na moto linasema jambo. Sensa ya aina hii ni waya wa platini wenye ukinzani wa omu 100 kwenye sifuri, unaoongezeka takriban omu 0.385 kwa kila nyuzi moja. Mguso mbovu ukiongeza omu 0.3, mtambo unaudhani ni joto na kusoma karibu nyuzi 0.8 zaidi. Skrubu iliyolegea ilikuwa sababu inayolingana na namba, si kisingizio.

Sasa, tangu lini? Wanaotaka mwaka mzima uondolewe wana hoja nzito hapa, na siipuuzi. Cheti cha mwisho kizuri ni cha mwaka jana. Kati ya siku ile na leo, kiwanda hakina haki ya kuchagua tarehe inayokipendeza. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001 ya 2015, kifungu 7.1.5.2, inadai kiwanda kichunguze kama vipimo vya nyuma vimeathirika, na anayeshindwa kuonyesha kosa lilianza lini lazima alihesabu tangu cheti kile. Isitoshe, anayeamua ndiye atakayepata hasara. Mama aliyempa mtoto maziwa yale hakuwepo kwenye kikao.

Lakini kiwanda hiki kilikuwa na daftari. Kila asubuhi mwendesha mtambo huandika usomaji wa sensa na wa kipimajoto cha pili kilichofungwa kwenye bomba hilohilo. Kuanzia Juni hadi tarehe 8 Machi tofauti ilikuwa 0.1 au 0.2. Tarehe 9 Machi ikaruka hadi 0.8, na haikushuka tena. Daftari la matengenezo linasema tarehe 8 Machi sensa ilichomolewa ili kubadilisha mpira wa kuzuia kuvuja, ikarudishwa jioni. Kipimajoto cha pili nacho kiligezwa tarehe 12 Juni, kikakutwa na kosa la 0.1. Bila hatua hiyo ushahidi wote ungeyumba, kwa sababu tofauti kati ya vifaa viwili haikuambii ni kipi kinachokosea.

Kwa hiyo tuna siku 95, si 365. (Kwamba mtu aliandika 0.8 kila asubuhi kwa siku 95 na karatasi ikasainiwa bila swali, hilo ni kosa lingine la kiwanda, na kwangu ni zito kuliko skrubu. Fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika tofauti, haikuwa na nafasi ya kusema tofauti ikizidi kiasi gani mtambo usimame.)

Ndani ya siku hizo 95, sensa iliyokosea haimaanishi maziwa yaliyokosea. Hili ndilo dada yangu wa dukani hakuambiwa na mtu, na ndilo naliona limeeleweka vibaya kuliko yote. Kati ya 75 ya kazi na 72 ya sharti kuna nyuzi tatu, na ziliwekwa makusudi ili zimeze makosa ya aina hii. Kinachotafutwa ni saa zile ambazo nafasi hiyo haikutosha.

Unachora mstari hivi. Ili joto halisi liwe 72, sensa ilipaswa kusoma 72.9. Ongeza 0.2 kwa shaka ya kipimo iliyoandikwa kwenye cheti. Kisha kuna pingamizi la haki: mguso uliolegea hucheza, na daftari ni la asubuhi tu, je, mchana? Usomaji wa asubuhi zote 95 ulikuwa kati ya 0.7 na 0.9, ila ongeza 0.3 nyingine kwa ajili ya mchana usioandikwa. Tunafika 73.4. Dakika yoyote ambayo chati inaonyesha chini ya hapo, huku maziwa yakienda mbele kwenye tangi, ni ya kuchunguzwa.

Chati zikapitiwa siku kwa siku. Kwenye kazi ya kawaida usomaji wa chini kabisa ulikuwa 74.6, yaani mbali na mstari. Zikapatikana siku mbili tu. Tarehe 22 Aprili presha ya mvuke ilishuka na sensa ikasoma 72.6 kwa dakika saba. Tarehe 10 Juni ikasoma 72.8 kwa dakika nne. Vali haikufunguka mara zote mbili, kwa sababu yenyewe iliona zaidi ya 72.5.

Tarehe 10 Juni ndiyo yenye mvutano. Joto halisi lilikuwa kama 71.9. Meneja wa uzalishaji atakuambia bomba lao la kushikilia joto linashika sekunde 18, si 15, na hesabu inamuunga mkono kiasi. Masharti yenyewe yanaruhusu nyuzi 63 kwa dakika 30 au 72 kwa sekunde 15, yaani nyuzi tisa zinapunguza muda mara 120, sawa na mara 1.7 kwa kila nyuzi. Kwenye 71.9 zinahitajika sekunde 15.8, kwa hiyo 18 zinatosha. Lakini ukitoa 0.5 ile ya shaka na ya mguso unafika 71.4, na hapo zinahitajika sekunde 20.6. Hazipo. Na sharti la 72 halina kifungu kinachosema "au karibu".

Wengine watataka kujiokoa kwa kipimo cha fosfatasi, kimeng'enya cha maziwa mabichi kinachoharibiwa na joto, kwenye sampuli zilizohifadhiwa. Ni kipimo kizuri cha kukamata maziwa mabichi yaliyochanganyika na yaliyopashwa. Hakikujengwa kutofautisha 71.4 na 72, hasa kwa lita 333 zilizopita kwa dakika nne na kumwagwa kwenye tangi la lita 5,000. Kikitoka kibaya kinathibitisha tatizo. Kikitoka kizuri hakikupi ruhusa.

Hivyo toleo la tarehe 10 Juni liondolewe, lote, kwa sababu tangi limeshachanganya: pakiti 10,000 za nusu lita, si 666. Maziwa yenye muda wa siku saba bado yako kwenye friji za maduka siku ya pili. Mtindi wa siku ileile haumo, kwa kuwa maziwa yake hupashwa tena zaidi ya nyuzi 85 kwenye pipa lenye sensa nyingine. La tarehe 22 Aprili halipo tena pa kuondolewa, lilinywewa wiki saba zilizopita. Linalobaki ni kulisema: kuandikia mamlaka, ambayo Tanzania tangu 2019 ni Shirika la Viwango, TBS, na kupitia malalamiko ya wateja ya wiki zile moja baada ya jingine.

Na kwa nini nisiunge mkono kuondoa kila kitu, ili tu tuwe salama? Sehemu kubwa ya maziwa tunayokunywa Tanzania na Kenya huuzwa mabichi, kwa ndoo na chupa. Pakiti zikitoweka dukani kwa wiki mbili, mteja hageukii maji. Na kuna jambo la ndani ya kiwanda: fundi aliyeona namba yake ikifunga kiwanda kizima bila mtu kuipima, mwaka ujao atakaza skrubu kwanza. Wengi huongeza kwamba hata hivyo watu huchemsha maziwa nyumbani. Hoja hiyo siikubali, maana pakiti imeandikwa kwamba yako tayari kunywewa.

Dada yangu aliposikia yote haya aliuliza swali moja tu, na lilikuwa zuri: je, chati ya mchana mmoja ingekuwa imepotea? Nilimwambia siku hiyo ningeihesabu pamoja na tarehe 10 Juni. Na daftari la asubuhi lisingekuwepo, ningekuwa upande wake tangu mwanzo.