Ofu badala ya ovataimu: hesabu iko wapi?

“Bosi anasema ovataimu hakuna, atanipa ofu. Nikubali au nikatae?”

Inategemea ofu hiyo ni ya saa ngapi, na ni nani atakayechagua siku yake.

Chukua mfano wa karani wa stoo katika Eneo la Viwanda, mshahara wake wa msingi ukiwa shilingi 45,000. Amri ya jumla ya mishahara nchini Kenya inaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 kwa siku sita. Thamani ya saa moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 225, hivyo saa yake ni shilingi 200. Saa ya ziada katika siku ya kazi hulipwa mara moja na nusu, yaani 300. Ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili, yaani 400.

Mwisho wa mwezi kunahesabiwa mali. Karani anabaki saa 10 zaidi katika siku za kazi, kisha anaitwa Jumapili kwa saa 8. Kwa pesa, anadai 3,000 na 3,200, jumla 6,200. Bosi anamwambia: “Umefanya saa 18, chukua siku mbili.” Zinasikika kama saa kwa saa, na wengi huondoka wakishukuru. Lakini saa 18 kwa shilingi 200 ni 3,600. Shilingi 2,600 zimeyeyuka bila mtu kutia saini popote. Ili ofu ilingane na pesa, saa 10 zigeuke 15 na saa 8 zigeuke 16. Hizo ni saa 31, yaani siku tatu na nusu hivi, si mbili. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kwanza, na ofu inayokikosa ni punguzo la mshahara.

Hata hivyo, mwajiri ana hoja. Karakana ndogo inayopata oda nyingi Desemba na kukaa kimya Januari haina pesa taslimu za kulipa ovataimu yote, na kumpumzisha mfanyakazi wakati kazi ni haba ni nafuu kuliko kumpunguza kazi. Mfanyakazi naye ana sababu za kuipenda ofu. Ile 6,200 haimfikii nzima, kwa kuwa kodi ya PAYE, NSSF, bima ya afya na tozo ya nyumba zinaimega kwanza. Ofu haikatwi chochote. Mwenye mzazi mgonjwa ushago anaweza kuona siku tatu na nusu zina thamani kuliko kinachobaki kwenye payslipu. Huyo sitamwambia akatae.

Siku ya mapumziko ya wiki ina njia yake. Amri hiyo inaruhusu pande zote mbili zikikubaliana kuiahirisha, na hata kulimbikiza hadi siku 14 zichukuliwe baadaye kama likizo yenye malipo kamili. Neno la maana hapo ni kukubaliana, na makubaliano hufanywa kabla ya Jumapili yenyewe. Kuitwa Jumamosi jioni kwa simu, kisha kuambiwa Jumatano kwamba ulikuwa umeahirisha mapumziko yako, si makubaliano.

Ofu nyingi huharibika baada ya kuahidiwa. Wiki zinapita, kila siku unayotaja ni “siku mbaya”, kisha unaambiwa asubuhi ukiwa tayari kwenye matatu kwamba leo hakuna kazi, hiyo ndiyo ofu yako. Nyingine huchukuliwa kwa fomu ya likizo ya mwaka. Angalia salio la likizo kabla na baada: ikiwa siku zako 21 za mwaka zimepungua, hujapewa ofu, umelipwa kwa mali yako mwenyewe.

Kwa hiyo andikeni, hata kama ni ujumbe mmoja wa WhatsApp: tarehe, saa ulizofanya, saa za ofu unazodai, na siku ya mwisho ya kuzichukua. Miezi miwili au mitatu inatosha, na ikipita bila ofu, saa hizo zigeuke pesa kwa kiwango cha ovataimu. Nakala ikae kwenye simu yako pia, kwa sababu madai ya ovataimu mara nyingi huanguka kortini pale mdai anaposema alifanya kazi nyingi lakini hawezi kuonyesha siku gani na saa ngapi.

Na kipengele kimoja kisisahaulike: karani akiacha kazi au akifutwa kabla ya kuzitumia saa zake 31, ile 6,200 iingie kwenye hesabu yake ya mwisho pamoja na likizo isiyotumika. Mwajiri asiyekubali kuliandika hilo, heri umwombe ovataimu yako kwa pesa mwezi huohuo.