Togwa ya nyumbani: uchachu unalinda nini, na unaacha nini

Kuna mabishano kuhusu togwa yasiyokwisha. Upande mmoja wapo wanaoiita dawa ya tumbo, kwamba mtoto aliyekuzwa nayo hahari ovyo. Upande wa pili wapo, wengi wao watu wa afya, wanaoiona kama uji uliolala na kuguswa na mikono mingi, kwa hiyo ni njia ya kipindupindu na kuhara damu. Kwa maoni yangu kila upande una hoja ya kweli, ila kila mmoja anazungumzia saa tofauti za sufuria ileile. Togwa ya saa ya tatu na togwa ya saa ya ishirini si kinywaji kimoja.

Tuanze na namna inavyotengenezwa Ruvuma, Njombe, Iringa na Mbeya. Unapika uji mzito wa mahindi, mtama au ulezi. Ukipoa hadi kuwa vuguvugu, unatia kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukaoteshwa siku mbili tatu, ukakaushwa juani na kusagwa. Wengi huongeza togwa kidogo iliyobaki jana. Unafunika, na kesho yake inanyweka.

Kimea kinafanya kazi mbili kwa pamoja, na hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Kazi ya kwanza ni ya vimeng'enya vilivyozaliwa wakati punje inaota: vinaikata wanga, na uji uliokuwa unasimama kwenye mwiko unakuwa mwepesi wa kunywewa kwa kikombe. Ndiyo maana mtoto mwenye tumbo dogo anapata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile, kwani uji wa kawaida ungehitaji maji mengi ili ushuke kooni. Kazi ya pili ni kuleta bakteria. Kimea hakijachemshwa, kwa hiyo kinaingia na vijidudu vyote vilivyokuwa kwenye punje, gunia na mkono wa aliyekianika. Miongoni mwao wamo wale wa asidi ya laktiki, wanaokula sukari iliyotolewa na vimeng'enya na kuigeuza uchachu. Wamo pia wale tusiowataka.

Kinachofuata ni mbio. Mwanzoni pH ya uji, kipimo kinachoshuka kadiri uchachu unavyozidi, inakaribia 6, hali ambayo karibu kila kijidudu kinaipenda. Mambo yakienda vizuri, ndani ya saa 24 inashuka hadi karibu 3.5. Chini ya 4, bakteria wengi wa kuhara hawazaliani tena, na wengi wao wanakufa polepole. Hii si imani tu. Miaka ya 1990 Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe na Ulf Svanberg wa Sweden waliwafuatilia watoto wa vijijini hapa Tanzania, wakakuta waliokuwa wakipewa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wenzao. Mwaka 1999 ukachapishwa utafiti mwingine, ambao watoto walio chini ya miaka mitano walipewa togwa yenye pH isiyozidi 4 mara moja kwa siku kwa siku 13. Mwanzoni zaidi ya robo yao walikuwa na bakteria wa magonjwa kwenye kinyesi. Kufikia mwisho wa siku hizo walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi.

Hata hivyo, matokeo hayo yasibebeshwe mzigo usio wake. Watoto wale walikuwa wazima, na kilichoonekana ni kinga. Kutibu ni jambo jingine. Kaskazini mwa Ghana kuna uji wa uwele uliochachuka unaoitwa koko. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya jaribio ambalo watoto wanaoharisha walipewa maji yake yenye bakteria hai. Kuhara hakukuisha mapema zaidi kuliko kwa watoto wasiopewa. Kwa hiyo mzazi anayeacha chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki kwa kutegemea togwa anamweka mtoto hatarini. Na aliye chini ya miezi sita hahitaji togwa kabisa, ni ziwa la mama tu.

Kuhusu bakteria wa tumbo, nadhani tumeanza kutia chumvi. Bakteria wa togwa wengi ni wapita njia. Baadhi yao wanavumilia asidi ya tumbo na kufika utumbo mpana wakiwa hai, lakini hawahamii huko. Ukiacha kunywa, wanatoweka. Faida iliyo wazi zaidi imeshapatikana kabla hujameza. Wanga umekatwa, na fitati, ile inayoyashika madini ya nafaka yasifyonzwe, imepungua, kwa hiyo chuma na zinki vinapita kwa urahisi zaidi. Mtu mwenye kiungulia anaweza kusumbuliwa na uchachu wenyewe, na wengine hujaa gesi. Hilo halimaanishi kwamba togwa imeharibika, ila tumbo lake halielewani nayo.

Sasa tuje kwenye saa za hatari. Chukua lita tano za maji na nusu kilo ya unga wa mahindi, upike nusu saa. Kuna bakteria kwenye unga ambao mbegu zao sugu haziuawi na kuchemka. Uji ukipoa taratibu kwenye sufuria kubwa, zinaamka. Ukitia kimea peke yake, bakteria wa laktiki wanaanza wakiwa wachache na huenda zikapita saa nane au kumi kabla uchachu haujashika. Njombe mwezi wa Juni zinakuwa nyingi zaidi, kwa sababu chungu kinaanza na joto la kupendeza vijidudu, kisha baridi ya usiku inachelewesha kuchachuka. Katika saa hizo bakteria wa majipu na vidonda, wale wanaotoka kwenye mkono wenye kidonda, wanaweza kutoa sumu yao. Uchachu ukija baadaye utawazuia bakteria wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuitoa inabaki. Hata ukiichemsha haitoki. Ndiyo maana sikubaliani na hoja kwamba "ikishachacha, kila kitu kimekufa".

Sikubaliani pia na ushauri wa kuacha kimea, au wa kuichemsha togwa iliyokwisha iva, maana huko unaondoa kile ulichokitaka. Njia iliyo bora ni kuzitenganisha kazi mbili za kimea. Uji ukiiva, uache upoe hadi karibu nyuzi 60: bado unaunguza ulimi, lakini hautoi tena mvuke mwingi. Tia gramu mia moja hivi za kimea cha ulezi, koroga, funika kwa dakika 20. Utauona ukilegea mbele ya macho yako, mwiko ukianza kuzunguka bila kukaza, na ukionja una utamu ambao haukuwepo. Vimeng'enya vimeshafanya kazi yao. Sasa rudisha jikoni uchemke tena. Vijidudu vilivyoletwa na kimea vinakufa, na uji haurudi kuwa mzito, kwa sababu wanga ulishakatwa.

Upoze upesi kwa kulitumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi, hadi uwe vuguvugu wa kuogeshea mtoto. Hapo ndipo unatia nusu lita ya togwa nzuri ya jana. Kiasi hicho, moja ya kumi, ndicho kinachoamua mbio. Kinaleta bakteria wengi waliokwisha zoea kazi, na kinaingia na asidi yake, kwa hiyo pH inaanza kushuka tangu dakika ya kwanza. Mahali penye joto, saa 12 kwa kawaida zinatosha. Wanaopinga wanasema ladha inapungua, na kweli harufu ya kimea kibichi inapungua kidogo. Kwa togwa ya mtoto naona ni gharama ndogo.

Dalili za kuangalia ni chache. Mwenye karatasi za kupimia pH atafute 4 au chini yake. Asiye nazo atafute uchachu wa wazi kama wa maziwa mgando. Povu jingi linalotangulia uchachu ni dalili mbaya. Ute unaovutika, harufu ya kuoza, au togwa ambayo haijachacha baada ya saa 24 ni ya kumwaga, na isiachwe hata kikombe cha kuanzishia nyingine. Ikivuka siku mbili hamira za asili hushika na kilevi kinaanza. Hiyo si ya watoto.

Kisha kuna kosa linalofanywa na watu walioshinda mbio zote hizo: kuongeza maji mabichi au barafu wakati wa kunywa. Vijidudu vya kipindupindu havipendi asidi hata kidogo, lakini vile vya kuhara damu vinaivumilia kwa saa kadhaa, na virusi vya kuharisha pia. Maji yakiingia dakika tano kabla ya kikombe, asidi haikupata nafasi ya kufanya lolote. Vivyo hivyo ndoo iliyokwaruzika au iliyokuwa ya rangi, na kikombe kimoja kinachozunguka kilabuni.

Lakini hatari inayonitia hofu kuliko zote haiko jikoni, iko ghalani. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya nafaka iliyotengenezwa nyumbani na kunywewa msibani. Kwanza watu walidhani imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umelowa katika mafuriko, na ndani yake waliota bakteria wanaotoa sumu isiyovunjika kwa moto. Mwaka uliofuata, Dodoma na Manyara, sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu wapatao 20. Kuchachusha kunaweza kupunguza sumukuvu kiasi, lakini si kiasi cha kutegemewa, na kuchemsha hakuiondoi.

Kwa togwa hatari hii ni mara mbili, kwa kuwa kimea chenyewe ni nafaka inayokaa siku tatu ikiwa na joto na unyevu, mazingira yaleyale ambayo ukungu unayatafuta. Chambua ulezi kabla ya kuloweka, uoshe mara kadhaa na utupe punje zinazoelea. Wakati wa kuotesha, tandaza tabaka jembamba juu ya kitambaa safi, na ugeuze asubuhi na jioni. Ukiona nyuzi nyeupe za utando kati ya punje, zisizo mizizi, au madoa ya kijani au meusi, tupa zote, kuosha hakusaidii. Anayetumia kimea cha mtama badala ya ulezi ana kazi moja zaidi: machipukizi ya mtama yana kiini kinachotoa sumu ya sayanidi, kwa hiyo kikishakauka kifikiche, upepete machipukizi na mizizi vitoke kabisa, ndipo ukisage.