Mafundi Waliotumwa Kumtafuta Meneja

Mimi nilikuwa na fomu ya kurasa mbili na kalamu. Yeye alikuja na daftari, na daftari ndilo lililonitia wasiwasi. Mfanyakazi anayeacha kazi akija mikono mitupu, mahojiano huisha ndani ya nusu saa. Akija na daftari lililojaa mpaka pembezoni, ujue mapumziko yako ya mchana yameota mbawa.

Jamaa alikuwa mtu wa stoo, na hasira zake zilikuwa za haki. Meneja wake alikuwa na tabia ya kubadilisha zamu usiku kwa ujumbe wa simu, watu wakiwa wamelala. Anayeuona ujumbe asubuhi anakuta ameshachelewa kazini, na barua ya onyo inamsubiri. Kwa sisi tunaohoji watu wanaoondoka, malalamiko ya namna hiyo ni dhahabu, maana yana tarehe, yana saa, na ushahidi umo ndani ya simu. Sasa ona alivyoyatumia.

Swali la kwanza kwenye fomu: kwa nini umeamua kuondoka?

"Dada, andika. Jenereta."

"Jenereta?"

"Jenereta! Inawaka saa kumi na mbili asubuhi, inanguruma mpaka jioni, haimsaidii mtu, na moshi wake tunauvuta sisi wa stoo."

Huyo ndiye meneja. Stoo nzima ilimwita hivyo chinichini. Nikamwomba aniambie kwa maneno ya kawaida kilichotokea ni nini. Akakataa katakata. "Andika kama nilivyosema, usinipunguzie hata neno." Nikaandika, kwa sababu kazi yangu pale ni kuandika maneno ya mtu, si kuyapiga pasi. Nikamsomea, akacheka peke yake, akasaini kwa mbwembwe.

Wengi wanaoondoka kwa uchungu hudhani maneno yao yatamfikia mkurugenzi yakiwa mabichi, naye atayasoma huku akitokwa jasho. Safari ya fomu si hiyo. Kwetu inakwenda kwa karani anayekusanya fomu zote za mwezi na kuliweka kila jibu kwenye fungu lake: mshahara, usimamizi, mzigo wa kazi, kupanda cheo, mazingira na vifaa. Wakubwa wanaona mafungu, na chini ya kila fungu sentensi moja moja. Karani huyo alikaa jengo jingine na hakumjua mtu yeyote wa stoo. Akasoma, akatafakari, akaandika chini ya mazingira na vifaa: "Jenereta ya stoo ina kelele na moshi. Wafanyakazi wanaathirika." Na kwa kuwa moshi ni suala la usalama, hakusubiri ripoti ya mwezi. Akaipeleka moja kwa moja kwa mafundi.

Wakaja wawili, na sanduku la vifaa na vizuia kelele vya masikioni. Wakamwuliza nani? Meneja, bila shaka.

"Hapa hatuna jenereta," akawaambia.

"Taarifa inasema inawaka saa kumi na mbili asubuhi, mzee."

"Saa kumi na mbili mimi nakuwa nimeshafika! Kila siku! Sijawahi kuisikia!"

Nyuma ya rafu, vijana walikuwa wakiuma mikono ya mashati yao. Meneja hakupenda kuonekana hajui kilichomo stooni kwake, kwa hiyo akawazungusha mafundi kila kona huku akiwafokea watu wasogeze maboksi. Mafundi wakajaza kadi ya kazi kwa uaminifu wote: "Kelele zimethibitishwa. Chanzo hakikuonekana."

Stoo ilicheka siku nzima. Lakini angalia kilichopotea. Zile zamu za usiku wa manane hazikufika popote. Fungu la usimamizi lilikuwa tupu, na kwa mujibu wa karatasi yule meneja hakuwa na doa.

Jamaa alikuwa bado anamalizia siku zake za notisi, akarudi ofisini kwangu kwa hatua za polepole. Nikatoa karatasi ya nyongeza. Safari hii aliandika hivi: "Kati ya mwezi wa tatu na wa tano, zamu yangu ilibadilishwa mara sita kwa ujumbe uliotumwa baada ya saa nne usiku. Mara mbili nilipewa onyo kwa kuchelewa zamu ambayo sikujua nimepangiwa. Ningeweza kubaki kama mabadiliko yangetolewa saa 48 kabla."

Sentensi tatu tu: kilichotokea, kilichomgharimu, na ambacho kingesaidia. Hakuna tusi, hakuna "kila siku" wala "wote". Karani hawezi kuiweka penginepo isipokuwa kwenye usimamizi, na meneja akiitwa hawezi kuikana, maana ujumbe aliutuma kwa kidole chake mwenyewe.

Alitaka kuongeza ya nne: "Hata wenzangu wanasema hivyo, muulize fulani na fulani." Nikaweka kalamu chini. Yeye anaondoka, fulani na fulani wanabaki na meneja yuleyule. Hata bila kutaja majina, idara ya watu wanane haina siri. Mtajwa atajulikana kabla ya jioni.

Kisha akainama na kunong'ona, "Dada, hili lingine libaki kati yetu." Hapana. Mimi nimeajiriwa na kampuni, na ukinitajia unyanyasaji, wizi au hatari kazini, huenda nikalazimika kulifikisha mbele hata ukinisihi. Swali la nani atasoma fomu, na kama jina litakaa juu yake, linaulizwa kabla ya kufungua kinywa. Na jambo zito kama hilo, au mshahara ambao haujalipwa, halifai kuachwa kwenye mahojiano peke yake. Liandikie barua rasmi ya malalamiko yenye tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua za onyo, hati za mshahara na ujumbe uliotumiwa viweke mapema, kwa sababu barua pepe ya kazini inaweza kufungwa siku ya mwisho kabla hujamaliza kuaga. Nyaraka za kampuni zisizokuhusu ziache zilipo.

Maswali mengine unaweza kuyaruka. Unakokwenda na utakacholipwa huko ni vyako. "Hilo ningependa nisilizungumzie" ni jibu kamili, na mhoji mwenye akili anahamia swali linalofuata. Kwa kusaini, hakikisha unathibitisha tu kwamba kilichoandikwa ndicho ulichosema. Ukiona mstari unaosema huna madai yoyote kwa kampuni, hiyo ni karatasi nyingine yenye jina la mahojiano. Usiisaini hapohapo, ichukue, umwonyeshe anayejua sheria za kazi.

Zikabaki saini za makabidhiano. Funguo, kitambulisho, koti la kazi, na mwishoni saini ya mkuu wa stoo, ambayo bila hiyo malipo ya mwisho yangekwama. Meneja akashika kalamu, hakuandika. Akamtazama.

"Wewe umekaa humu kuliko wote. Hiyo jenereta hukuwahi kuisikia?"

"Niliwahi, bosi."

"Iko wapi?"

"Inahamahama."

Akasaini, kisha akatoka kwenda kuikagua mwenyewe, akifoka tangu mlangoni.