Taa ya spana inahesabu, haipimi

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno kutoka kwa mafundi, nayo ni hii: "Nimeshakuzimia ile taa." Mwenye gari hushukuru, hulipa na kuondoka, ilhali hajaambiwa ni taa ipi iliyozimwa, imezimwa kwa njia gani, wala kama kilichoiwasha kimeondoka. Kwa maoni yangu sentensi hiyo haitoshi, kwa kuwa kwenye dashibodi kuna taa za aina mbili ambazo asili zake hazikutani popote: moja huwashwa na hesabu, nyingine huwashwa na hitilafu.

Katika magari mengi, taa yenye umbo la spana, au maandishi MAINT REQD yanayoonekana kwenye baadhi ya magari ya Toyota, ni kikumbusho cha sevisi. Kompyuta ya gari imepewa idadi fulani ya kilomita, na mara nyingi muda pia, kisha inahesabu kurudi nyuma hadi sifuri. Hesabu ikiisha, taa inawaka. Ndiyo maana gari linalotembea kidogo linaweza kuwasha spana kabla ya kilomita zake kufika, kwa kuwa muda ndio uliotangulia kuisha. Yapo magari yenye hesabu ya ndani zaidi, kama Honda zinazoonyesha asilimia ya uhai wa oili kwa kuangalia jinsi injini ilivyotumika, lakini hata huko kinachoonyeshwa ni makadirio. Kaunta hiyo haijachovya kidole ndani ya oili. Injini inaweza kuwa imekula nusu ya oili yake huku spana ikiwa imezima kabisa, na oili inaweza kuwa ilimiminwa jana huku spana ikiwaka.

Taa ya hitilafu ni jambo tofauti. Ile ya rangi ya njano yenye umbo la injini huwaka kwa sababu kompyuta imepata taarifa isiyolingana na inayotarajiwa, ikahifadhi kodi yake, yaani namba inayoitambulisha hitilafu hiyo. Kwa mfano P0301 ina maana kwamba silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Ikiwaka bila kupepesa, lipeleke gari likasomwe kodi mapema. Ikiwa inapepesa, petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kukichoma kisafisha moshi, kwa hiyo punguza mwendo mara moja na usiendelee na safari ndefu. Taa nyekundu yenye umbo la kopo la oili haivumilii hata hayo: inasema presha ya oili imeshuka, na injini izimwe pale gari linapoweza kusimama kwa usalama. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoondolewa kwa kurudisha kaunta ya sevisi kwenye sifuri. Kadhalika, kufuta kodi za hitilafu hakurudishi kaunta ya sevisi, na hata kodi ikifutwa, hurudi ikiwa chanzo chake kingalipo.

Kuna tahadhari moja ambayo singependa msomaji aipite haraka. Umbo la spana halina maana moja duniani. Katika magari mengi ya Ford, spana ya njano si kikumbusho cha sevisi, bali ni onyo la hitilafu katika mfumo wa kuliendesha gari, na mara nyingine huandamana na gari kukosa nguvu hata ukikanyaga mafuta. Basi kabla ya kuamua lolote, fungua kitabu cha gari lako kwenye ukurasa wa taa. Baada ya hapo weka ufunguo kwenye hatua ya umeme bila kuwasha injini, utazame sekunde za mwanzo: spana ya sevisi, kwenye magari mengi, hutokea pamoja na kilomita zilizobaki, au kilomita zilizopitiliza zikiwa na alama ya kutoa. Taa ya hitilafu haina namba ya kilomita ya kukuonyesha.

Makosa ya kurudisha kaunta huleta hasara ya polepole, na mfano ninaoufahamu kwa karibu ni huu. Gari lilikuwa na kipindi cha sevisi cha kilomita 10,000. Mwenyewe, akijiandaa kwa safari ndefu, alibadilisha oili mapema, odomita ikisoma 84,000, wakati kaunta ilikuwa bado na kilomita 3,000. Gereji ilimwaga oili, ikabadilisha filta, lakini haikugusa kaunta. Odomita ilipofika 87,000 spana ikawaka. Yeye akasema taa ni ya uongo, maana oili ni ya juzi tu, akairudisha mwenyewe siku hiyo hiyo. Kaunta ikaanza upya kuhesabu kilomita 10,000 kutoka hapo, na spana haikuwaka tena hadi 97,000. Ukitoa 84,000 utaona kwamba oili ile ilikuwa imetembea kilomita 13,000, na taa haikumwonya kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeipotosha. Angeweza kuirudisha bila madhara kama angeandika mahali kwamba sevisi inayofuata ni 94,000, si siku spana itakapowaka.

Kurudisha kwenyewe si kazi ngumu, ila mpangilio wa hatua ndio kila kitu. Kwenye magari mengi ya Peugeot na Citroën yenye kitufe cha kurudisha kipimo cha safari, kwa mfano, unazima kwanza umeme wa gari, unabonyeza kitufe hicho na kukishikilia, kisha ukiwa bado umekishikilia unafungua umeme. Namba zinaanza kushuka; unapoona =0 ndipo unaachia, na spana inatoweka. Ukifungua umeme kwanza halafu ukabonyeza, utakuwa umefuta kipimo cha safari tu, na ukiachia kabla ya hesabu kwisha, kaunta inabaki ilivyokuwa. Ikiwa baada ya hapo kuna kazi inayohitaji betri kuondolewa, kwanza funga gari na usubiri angalau dakika tano ili kompyuta ihifadhi mabadiliko. Magari mapya zaidi hufanya haya kupitia menyu ya skrini. Kwa vyovyote vile, zima umeme, fungua tena, na usome namba: ikiwa haionyeshi kipindi kizima cha sevisi, kazi haijakamilika.

Nashikilia kwamba kaunta irudishwe siku ile ile oili inapobadilishwa, mbele ya mwenye gari, na odomita iandikwe kwenye karatasi ya kazi pamoja na aina ya oili iliyotiwa. Wapo mafundi wanaosema kwamba kibandiko cha kilomita zijazo kinatosha na kaunta ni pambo. Siwaungi mkono, kwa kuwa kibandiko hubanduka, na spana isiyorudishwa humzoesha dereva kuipuuza, kisha siku taa ya injini itakapowaka pembeni yake huipuuza pia. Lakini zaidi ya hapo, naona ni kosa kubwa kuirudisha kaunta bila kugusa oili, kwa ajili tu ya kumridhisha mteja au mnunuzi. Kaunta iliyojaa kilomita zote haithibitishi sevisi. Inathibitisha kwamba mtu alibonyeza kitufe. Kwa hiyo ninapoangalia gari lililotumika na kukuta spana imezima, kwanza huomba karatasi ya kazi na kulinganisha odomita yake na kaunta, kisha hufungua boneti injini ikiwa imepoa, huvuta kijiti cha oili, hukifuta, hukirudisha na kukivuta tena, nikaangalia oili imefika wapi kati ya alama mbili.