Eti "Ndiyo, nakumbuka": hapo ndipo kamba inapoanzia

Mimi naona modeli ya AI unayochati nayo ikisema inakumbuka maongezi ya juzi, mara nyingi hiyo kumbukumbu tumeipa sisi wenyewe ndani ya swali. Kuna dada mmoja analima zabibu huku Mpunguzi, Dodoma, alifungua chati mpya akaandika, "Unakumbuka wiki iliyopita nilikueleza zabibu zangu za Mpunguzi, ulisema nipulizie dawa gani vile?" Ikamjibu fasta, ndiyo nakumbuka, ulisema una ekari mbili, majani yameota unga mweupe, nikakushauri salfa, na kipimo cha kuchanganya kwenye bomba la lita 20 kikawekwa kabisa. Wiki iliyopita aliongea nayo kweli, ila alikuwa anaulizia wadudu, na ekari hana mbili, ana moja.

Sasa angalia hilo jibu vizuri. Zabibu, Mpunguzi, dawa, wiki iliyopita, vyote kavitaja yeye. Vilivyobaki ndo vimetungwa, na vimetungwa vikaendana maana huo unga mweupe, yaani ubwiri unga, ni ugonjwa wa kawaida wa zabibu na salfa ndo dawa yake inayojulikana sana, kwa hiyo ukisoma haraka unaona mbona inajua.

Modeli yenyewe haijifunzi kitu wakati unachati nayo. Ukifungua chati mpya inachoona ni maandishi yaliyowekwa mbele yake tu, basi, halafu kazi yake ni kukisia neno linalofuata. Na kwenye maandishi ya watu iliyofundishiwa, mtu akiulizwa "unakumbuka?" mara nyingi anajibu "eeh nakumbuka" na kuendelea, halafu juu yake ikanolewa kwa kupewa alama na watu, na watu tunapenda jibu linalotukubalia. Hapo mi nawalaumu watengenezaji, "sioni maongezi hayo hapa" ni jibu zuri tu.

Yule dada akarudia swali lilelile kwenye chati nyingine, safari hii akaambiwa ana ekari moja na nusu na shida ni utitiri. Kumbukumbu ya kweli haihamihami hivyo, ila hata ikirudia jibu moja mara zote bado si ushahidi, inaweza ikawa imekisia kitu kilekile.

Kuna apu zina sehemu ya kumbukumbu, hizo zinatunza vijinoti vifupi na kuvibandika mbele ya swali lako bila wewe kuviona, nyingine zinachomoa vipande vya chati za zamani. Hapo kuna kitu cha kweli, lakini noti ikiwa inasema tu "analima zabibu Dodoma", hizo ekari na ugonjwa itajazia yenyewe. Ingia kwenye setingi uzisome. Halafu ukiuliza usiimwagie kila kitu, andika tu "unaona nini kuhusu shamba langu?", ikikutajia kitu ambacho hukukiandika humo na hakipo kwenye noti, kipimo chake cha dawa usikitie kwenye bomba, muulize bwana shamba.